Uzi: Rafiki ananitagi kwenye kila tangazo la biashara yake. Nimwambieje aache?

Nuru_ya_Jioni (mleta mada)

Wadau, naomba msaada wa maneno zaidi kuliko wa simu. Rafiki yangu wa miaka mingi ameanza kuuza mafuta ya ngozi mtandaoni. Kila akiweka tangazo Facebook au Instagram ananitagi, mimi pamoja na watu wengine kama ishirini hivi. Ni matangazo matatu au manne kwa wiki. Mtu akiuliza bei chini ya posti, taarifa inaingia kwangu. Matangazo yenyewe yanakaa kwenye profaili yangu, na watu ninaofanya nao kazi wameanza kuniuliza mimi kama mzigo upo.

Sina neno na biashara yake na sitaki aone nimemtupa. Ninachotaka ni aache kunitagi, basi. Nimeandika ujumbe huu ila sijautuma:

> Habari rafiki yangu, samahani sana kwa kukusumbua. Najua uko bize na biashara na nakuombea kila la heri, ila nilikuwa nawaza kama inawezekana labda upunguze kidogo kunitagi, maana simu yangu siku hizi inajaa sana. Lakini kama haiwezekani hamna shida kabisa.

Mnaonaje? Nitume hivi hivi?

---

Shoka_Jipya

Usiandike chochote, unajitafutia maneno ya bure. Facebook ingia kwenye mipangilio, tafuta `Profile and tagging`, washa ile ya kukagua posti ulizotagiwa kabla hazijatokea kwenye profaili. Instagram nako kuna sehemu ya tagi, chagua kuidhinisha mwenyewe. Akikutagi, wewe huidhinishi. Yeye hajui, wewe umepumzika, urafiki uko palepale.

---

Mkunga_wa_Maneno

Nuru, usiutume. Ni mpole, lakini ombi lenyewe umelifunika mpaka halionekani. Rafiki yako akiusoma haraka huku anafunga mizigo ya wateja, ataelewa kwamba umemsalimia, umemtakia heri, na simu yako ina shida.

Tazama sehemu nne zinazouharibu.

"Labda upunguze kidogo." Akitoka matangazo manne kwa wiki akaenda matatu, ametimiza ulichoomba. Wewe ulitaka asikutagi hata mara moja, kwa hiyo utalazimika kurudi kuomba upya, na safari hiyo utaonekana mtu asiyeridhika.

"Simu yangu inajaa." Hiki ni kisingizio, na rafiki mwema hukipokea kisingizio kama tatizo la kusaidiwa. Atakujibu ufute video za zamani, au uzime taarifa za Facebook. Hapo utafanya nini? Utatafuta kisingizio cha pili. Siku atakapogundua kwamba simu haikuwa na shida, kitakachomuuma ni kwamba ulimzunguka.

"Kama haiwezekani hamna shida." Umeomba, kisha umejijibu hapana kwa niaba yake.

Ya nne ndiyo watu wengi hawaioni, nayo ni hilo neno "ila". Sisi tukisikia mtu anasifu halafu akasema "ila" au "lakini", tunayatupa yote yaliyotangulia na kubaki na kilichofuata. Kwa hiyo heri uliyomwombea, ambayo najua ni ya kweli, inageuka kuwa sukari ya kumezea dawa. Kama una neno jema la kumwambia, liweke baada ya ombi, kwenye sentensi yake lenyewe, bila "ila" wala "lakini" mahali popote. Hapo litasomeka kama neno jema.

Sasa ombi lenyewe. "Ningependa kama ungeweza kutonitagi" ni ukungu. "Acha kunitagi" ni karipio, hata ukilitanguliza kwa tafadhali. Njia ya katikati ipo tayari katika lugha yetu: "naomba usinitagi." "Naomba" inabeba heshima, na "usinitagi" haina mlango wa kuponyokea. Ongeza "kuanzia sasa" ili ijulikane kwamba huzungumzii posti moja tu.

Jaribu hivi:

> Habari za jioni rafiki yangu. Nina ombi. Kuanzia sasa naomba usinitagi kwenye matangazo ya biashara. Watu wa kazini wanaipitia profaili yangu na wameanza kuniuliza mimi kuhusu mzigo, nami napenda ibaki na mambo yangu binafsi. Picha zetu za kawaida endelea kunitagi kama siku zote. Nikihitaji mafuta nitakuja kwako moja kwa moja.

Sababu iwe moja tu, tena iwe ya kweli. Ukiweka tatu, atajibu ile dhaifu kuliko zote na mazungumzo yatahamia huko. Sentensi ya picha za kawaida usiiache, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha mpaka uko wapi. Bila hiyo atahisi umesema "usinihusishe nawe", na ataogopa kukutagi hata kwenye picha ya mwanawe.

---

Fundi_Saa

Namwongezea Shoka, maana alichosema ni nusu ya jambo.

Ule ukaguzi wa Facebook unazuia posti isitokee kwenye profaili *yako*. Hauondoi tagi. Jina lako linabaki kwenye tangazo la rafiki yako, anayeliona tangazo analiona na jina lako, na linaweza kuonekana kwenye kurasa za watu na kwenye utafutaji kama kawaida. Na tagi ya Facebook hufanya jambo moja zaidi: inaweza kuongeza wasomaji wa posti, kwa maana marafiki wa aliyetagiwa nao huingia kwenye watakaoiona, kutegemea mpangilio. Ndiyo maana wenye biashara wanaipenda. Kwa hiyo Nuru akiwasha ukaguzi peke yake, profaili itakuwa safi, lakini mtu wa kazini anaweza bado kukutana na tangazo lenye jina lake na kumuuliza bei.

Facebook haina swichi ya kuzuia rafiki asikutagi kabisa huku mkibaki marafiki. Kuna kukagua, kuna kujitoa posti moja moja, na mwisho kuna kumbloki.

Instagram ni tofauti. Pale unaweza kuchagua nani akutagi: kila mtu, unaowafuata tu, au hakuna. Ukichagua hakuna, tagi haipiti. Ila akijaribu ataambiwa kwamba huruhusu, kwa hiyo ile "yeye hajui" ya Shoka haipo hapa. Na swichi hiyo haimchagui yeye peke yake, inawafungia watu wote, pamoja na wale ambao unataka wakutagi.

Jambo jingine linalohusu maneno ya ujumbe wenyewe: kutagi na kutaja ni vitu viwili. Kutagi ni kubandika jina juu ya picha au kwenye posti. Kutaja ni kuandika `@jina` kwenye maelezo au kwenye maoni. Yote mawili yanakuletea taarifa, lakini Instagram mipangilio yake ni tofauti, na mtu anaweza kuacha moja akaendelea na jingine kwa nia njema kabisa. Ukimwambia "usinitagi" tu, atakutoa kwenye picha halafu aweke majina kwenye maoni ya kwanza chini ya posti. Kwa hiyo ongeza "wala kuniandika jina kwenye maelezo au maoni yake".

---

Shoka_Jipya

Hilo la kwamba tagi inabaki sikulijua. Nilidhani usipoidhinisha inakufa. Lakini bado nasema mtu anaweza kujitoa posti moja moja kimyakimya. Facebook haimtumii mwenye posti taarifa kwamba umejitoa.

---

Fundi_Saa

Ni kweli haimtumii. Ila anaweza kuona mwenyewe. Mtu anayetagi watu ishirini kwa makusudi huwa anarudi kutazama nani amelaiki na nani amejibu, na jina lililokosekana linaonekana. Na kwa posti nne kwa wiki utajitoa mara kumi na sita kwa mwezi, bila mwisho, huku yeye akidhani mambo ni sawa.

Kibaya zaidi ni mfuatano. Ukijitoa kwanza halafu ukamwambia baadaye, ujumbe wako utasomwa kama habari kwamba umekuwa ukimkwepa kwa wiki kadhaa. Ukimwambia kwanza, kujitoa baadaye ni kutimiza kile ambacho tayari anakijua.

---

Tumaini_77

Mimi nauza nguo na natagi watu. Nimesoma uzi huu nikahisi mnatusema sisi wote kama wasumbufu. Mnajua kuanza biashara bila mtaji wa matangazo kulivyo? Marafiki ndio wateja wa kwanza. Sasa kama hata rafiki hataki jina lake lionekane, huyo ni rafiki kweli? Mngetusaidia kwa kusema tutagi nani, badala ya kufundishana kukataa.

---

Nuru_ya_Jioni (mleta mada)

Tumaini, sijasema ni msumbufu. Ningetaka auze. Ni jina langu tu kwenye tangazo ndilo ninaloliombea.

---

Mkunga_wa_Maneno

Tumaini, umekuja wakati mzuri, kwa sababu wewe ndiye unayeupokea ujumbe wa namna hii. Nikuulize, nawe ujibu bila kutuonea haya: kati ya ule wa Nuru wa kwanza na ule niliopendekeza, upi ungekuuma zaidi?

---

Tumaini_77

Nimerudi kuusoma vizuri. Wa pili haukuniuma. Wa kwanza ungeniuma baadaye, kama ulivyosema, siku ningejua kwamba alikuwa anatafuta namna ya kunikwepa. Kinachouma kuliko vyote ni mtu akikuandikia kwenye maoni, mbele ya wateja, "jamani mnitoe kwenye hizi tagi". Hapo mteja aliyekuwa anauliza bei anaondoka, nawe huna cha kujibu. Na neno "matangazo yako" peke yake lina ukali. Ungesema "matangazo ya biashara" ni afadhali.

Ila nina swali. Kama hataki tagi, je, nikimtaja kwenye status ya WhatsApp? Huko si hadharani.

---

Mkunga_wa_Maneno

Hayo ya maoni yashikeni, maana ni kosa lisilorekebishika kwa kufuta. Ombi la namna hii ni la inboksi, watu wawili tu. Hata kwenye kundi la marafiki watano usilitoe, kwa sababu wale watatu wengine watalazimika kusema wako upande gani.

Na "matangazo ya biashara" badala ya "matangazo yako" naikubali kabisa. Nilikuwa nimeiandika hivyo bila kuitolea sababu, na sababu yake umeitoa wewe.

Kuhusu status: mtu aliyeomba asitajwe kwenye tangazo hajaomba uhamishe tangazo mahali pengine na jina lake. Muulize kwanza. Na jibu la swali lako la awali, utagi nani, ni hilohilo: watumie watu ujumbe mmoja mmoja, "naruhusiwa kukutagi kwenye picha za bidhaa?" Watakaosema ndiyo ni wachache kuliko ishirini, lakini hao hawatakuja kukuomba wajitoe.

---

Fundi_Saa

Kuna mtu ataleta hoja kwamba kutagi wasiopenda kunashusha tangazo machoni pa mtandao wenyewe. Msiitumie kwenye ujumbe. Wenye mitandao hawasemi wazi mizani yao, na ukimwandikia rafiki yako hoja ambayo huwezi kuithibitisha, mtabishana kuhusu mtandao na ombi litapotea. Isitoshe, inamfanya aone unamfundisha kazi yake.

---

Bi_Mchapo

Nami nina neno. Ninyi mnaandika ujumbe kama barua ya ofisini. Rafiki wa miaka mingi unampigia simu. Maandishi hayana sauti, na mtu akiwa amechoka anayasoma kwa ukali ambao wewe hukuuweka. Mpigie, mcheke kidogo, umwambie "hebu nitoe kwenye hizo tagi, watu wa kazini wananisumbua", yameisha.

---

Mkunga_wa_Maneno

Bi Mchapo, hoja ya sauti ina uzito na sitaipinga yote. Kwa baadhi ya watu simu ni heshima na maandishi ni ubaridi. Shida ninayoiona ni mbili. Kwanza, kwenye simu anatakiwa ajibu papo hapo, na mtu aliyeshtuka hujibu kwa kujitetea. Ujumbe unamwachia nafasi ya kuusoma, kukasirika kidogo peke yake, na kujibu baadaye akiwa ametulia. Pili, ombi lina sehemu tatu: tagi, kutajwa kwa jina, na picha za kawaida ziendelee. Kwa mdomo sehemu moja huanguka, na wiki ijayo mtakumbuka maneno tofauti.

Ujumbe wa sauti ndio ninaoukataa moja kwa moja. Mtu akirekodi jambo gumu huzunguka dakika tatu kabla ya kulifikia, na anayesikiliza anazidi kuwa na hofu kila sekunde.

---

Bi_Mchapo

Sauti ndefu hapana, hapo tuko pamoja. Lakini simu naishikilia. Wewe unaogopa asijitetee, mimi naogopa akae na ujumbe usiku kucha akijiuliza umemkasirikia kwa lipi. Kila mtu anamjua wake.

---

Nuru_ya_Jioni (mleta mada)

Wangu ni mtu wa maandishi, simu hapokei akiwa kazini. Nitaandika. Nina maswali mawili. Ile sentensi ya "nikihitaji mafuta nitakuja kwako": kusema kweli mafuta hayo siyatumii, ngozi yangu hailingani na vitu vyenye manukato. Niiache? Na je, nimwahidi kwamba nitashea tangazo lake mara moja kwa mwezi, ili aone namuunga mkono?

---

Mkunga_wa_Maneno

Sentensi ya mafuta itoe. Niliiandika bila kujua. Atakuja kukuuliza mbona huji, na itakuwa uongo mdogo uliouzaa wewe. Weka kitu cha kweli kuhusu biashara yake, hata kiwe kidogo. Umeona picha zake zimekuwa nzuri kuliko mwanzo? Sema hilo.

Ahadi ya kushea kila mwezi, usiitoe. Umeomba kupunguziwa mzigo, halafu unajitwisha mwingine wenye tarehe. Mwezi wa tatu utasahau, naye atakumbuka, kwa sababu ni yeye anayesubiri. Kama unataka kushea tangazo siku moja kwa hiari yako, lishee bila kuliahidi. Litamfurahisha zaidi, kwa kuwa halikudaiwa.

Kuhusu wakati wa kutuma: usitume saa ileile alipotoka kukutagi. Atadhani ni bidhaa ya siku hiyo uliyoichukia, au picha ile. Subiri siku asiyoweka tangazo, jioni, biashara ikiwa imetulia. Na usitume siku anayozindua bidhaa mpya, hata kama ndiyo siku uliyochoka kuliko zote.

---

Nuru_ya_Jioni (mleta mada)

Nimeandika upya:

> Habari za jioni rafiki yangu. Nina ombi. Kuanzia sasa naomba usinitagi kwenye matangazo ya biashara, wala kuniandika jina kwenye maelezo au maoni yake. Watu wa kazini wanaipitia profaili yangu na wameanza kuniuliza mimi kuhusu mzigo, nami napenda ibaki na mambo yangu binafsi. Picha zetu za kawaida endelea kunitagi kama siku zote. Nimeona picha za bidhaa za mwezi huu zimetulia sana, umepiga hatua. Natumaini hujakasirika.

Na akijibu vibaya?

---

Mkunga_wa_Maneno

Ondoa "Natumaini hujakasirika". Bado hajafanya lolote, nawe umeshamletea hasira mkononi. Sasa itabidi akutulize wewe badala ya kulijibu ombi. Mengine yaache yalivyo.

Majibu yatakayokuja, sidhani kama yatazidi haya.

Akijibu "sawa, samahani", jibu "asante sana" na uhamie kwenye jambo jingine. Watu wengi huharibu hapa. Wanaona haya, wanaanza kujieleza upya, "si kwamba sipendi, unajua, ni hivi tu, hata ukisahau mara moja moja si neno". Hilo la mwisho linarudisha tagi.

Akijibu "kumbe nilikuwa nakukera siku zote, mbona hukusema?", usikane kwamba lilikuwa tatizo, kwa sababu utakuwa umeufuta ujumbe wako. Kiri kilicho chako: "Nilichelewa kusema, hilo ni kosa langu. Wewe hujanikosea. Naomba tu jina langu lisiwe kwenye matangazo." Usiongeze.

Akijibu "wewe ndiye unayeniletea wateja", usibishane kama wateja wanakuja au hawaji. Huna hesabu zake. "Naelewa, na hata hivyo naomba nitoke kwenye orodha." Ombi lako halikusimama juu ya hesabu ya wateja, basi lisianguke kwa hesabu hiyo.

Jibu gumu kuliko yote ni la upole: "Basi nikutagi mara moja tu kwa mwezi?" Ni gumu kwa sababu amekuja nusu ya njia, na kukataa kunaonekana roho mbaya. Lakini ukikubali, sababu uliyompa haina maana tena, kwa kuwa watu wa kazini watakuuliza palepale. Mjibu: "Asante kwa kunifikiria. Naomba isiwe hata hiyo moja." Kushukuru kwanza hapa hakudhuru, maana unashukuru kitu alichokifanya kweli, na hakuna "ila" katikati.

---

Tumaini_77

Mimi ningejibu hilo la mara moja kwa mwezi. Na ningekubali kukataliwa, mradi asiniache siku mbili bila jibu.

---

Shoka_Jipya

Na akisema sawa halafu wiki ijayo akatagi tena? Hapo si dharau?

---

Fundi_Saa

Mara nyingi si dharau. Wauzaji wengi wana orodha ya majina iliyohifadhiwa mahali, wanaibandika kwenye kila posti:

```
@jina1 @jina2 @jina3 @jina4
```

Kwenye maelezo ya Instagram hayo ni maandishi ya kawaida, ukiyabandika yanageuka kuwa majina hai na kila mtu anapata taarifa. Rafiki yako anaweza kukutoa kwenye posti ya leo kwa moyo wote, na kesho akabandika orodha ileile yenye jina lako. Utaijua kwa dalili hii: jina lako liko katikati ya majina yaleyale kwa mpangilio uleule wa zamani. Akikutagi peke yako au na watu wawili, hapo ni kwa makusudi na ni mazungumzo mengine.

Kwa ya orodha, mkumbushe mara moja, na umwombe alitoe jina kwenye orodha, si kwenye posti pekee:

> Jina langu limeingia tena kwenye posti ya leo, nadhani limo kwenye ile orodha unayonakili. Naomba ulifute humo.

---

Mkunga_wa_Maneno

Hiyo "nadhani" nimeipenda, inampa pa kutokea kwa heshima. Ikitokea mara ya tatu, usiandike tena. Jitoe kila posti inapokuja: kwenye Facebook gusa vile vidoti vitatu uondoe tagi, Instagram gusa jina lako juu ya picha uchague kujiondoa. Ameshaambiwa mara mbili, hakuna siri tena. Ukimwandikia mara ya tatu na ya nne, ombi linageuka kuwa ugomvi wenye historia.

---

Nuru_ya_Jioni (mleta mada)

Leo ameweka tangazo asubuhi, kwa hiyo sitatuma leo. Kesho jioni. Swali la mwisho: zile posti za nyuma, zaidi ya hamsini zenye jina langu, nizifanyeje?

---

Fundi_Saa

Facebook huna haja ya kufungua moja moja. Nenda `Activity log`, fungua sehemu ya vitu ulivyotagiwa, chagua kadhaa kwa pamoja na uondoe tagi. Fanya baada ya yeye kukujibu.

---

Mkunga_wa_Maneno

Mimi ningeziacha kwa wiki mbili tatu. Akiona jina lako limefutika kwenye posti hamsini usiku uleule aliposoma ujumbe, ile sentensi ya "umepiga hatua" haitamfikia.

---

Bi_Mchapo

Mimi ningemwambia kwenye ujumbe huohuo kwamba na za zamani nitajitoa. Kusubiri wiki tatu halafu kufuta ni kumwonyesha kidonda mara mbili.

---

Mkunga_wa_Maneno

Bi Mchapo, hapo umenifanya nifikiri. Kumwambia usiku huohuo kunaongeza sentensi kwenye ujumbe ambao tayari una sita. Nuru, wewe unamjua. Kama ni mtu wa kurudi kutazama posti zake za zamani, mfuate Bi Mchapo.

---

Nuru_ya_Jioni (mleta mada)

Huwa anarudi kuzitazama. Nitaongeza: "Na zile za nyuma nitajitoa mwenyewe, usihangaike nazo."